Saa ya kwanza ya akaunti ya wingu

Tarehe 17 Juni 2014, seva za Code Spaces, kampuni iliyokuwa ikihifadhi kazi za watengenezaji wa programu, zilianza kuzidiwa na mafuriko ya maombi ya uongo kutoka mtandaoni. Mafundi wake walidhani ni shambulio kama mengine waliyowahi kuyamaliza. Walipofungua paneli wanayotumia kuendesha mitambo yao kwenye wingu la Amazon, wakakuta ujumbe kutoka kwa mtu wasiyemjua: wawasiliane naye kupitia anwani ya Hotmail aliyoiacha. Alitaka fedha nyingi ili aache kuwashambulia.

Mtu huyo hakuwa na funguo za kuingilia kwenye seva zenyewe, na hakuzihitaji, kwa kuwa alikuwa ndani ya paneli. Kampuni ilipojaribu kumtoa kwa kubadilisha nywila, ilikuta ameshajitengenezea njia nyingine za kuingia, na alipoona anafukuzwa akaanza kufuta. Zilikwenda nakala za diski, hazina za mafaili na baadhi ya seva. Hata nakala rudufu zilifutika, maana nazo zilifikika kwa paneli ileile. Saa kumi na mbili zilitosha, na kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea na biashara.

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo mtu anayefungua akaunti ya wingu kwa mara ya kwanza halioni kirahisi. Kwenye wingu, mwenye paneli ndiye mwenye kila kitu. Anaweza kuwasha seva mia kwa kubofya mara chache, na kwa mibofyo hiyohiyo anaweza kufuta kazi ya miaka. Juu ya wote wanaoingia kwenye paneli hiyo kuna mtumiaji mmoja ambaye mamlaka yake hayana mpaka. AWS, huduma ya wingu ya Amazon, humwita `Root user`. Sisi tumwite mtumiaji mkuu.

Mtumiaji mkuu ni nani

Unapojiandikisha AWS kwa barua pepe, nywila, namba ya simu na kadi ya benki, mtumiaji mkuu anazaliwa papo hapo. Huingia kwa barua pepe ile uliyojiandikishia. Wengine wote, wawe wahasibu, mafundi au programu zinazojiendesha, hutengenezwa baadaye na hupewa ruhusa kwa kipimo. Fundi wa seva anaweza kuruhusiwa kuwasha mashine na kukatazwa kugusa malipo, na mhasibu akaruhusiwa kutazama ankara tu.

Mtumiaji mkuu hapimwi hivyo. Ndani ya akaunti inayojitegemea, hakuna kanuni ya ruhusa unayoweza kumwandikia ikamzuia. Ni kama mwenye hati ya nyumba: wapangaji wana mikataba yenye masharti, ila yeye anaweza kuiuza nyumba nzima wakiwa ndani. Mtumiaji mkuu anaweza kubadilisha barua pepe ya akaunti, na hata kuifunga akaunti kabisa. Kwa hiyo mwizi akimpata fundi wako atafanya uharibifu kwa kadiri ya ruhusa za fundi. Akimpata mtumiaji mkuu, huenda wewe ndiye utakayejikuta unabisha hodi kwenye akaunti yako mwenyewe.

Nywila peke yake haitoshi kumlinda mtu wa namna hiyo. Nywila huibwa kwa ukurasa wa bandia, hukisiwa, au hupatikana katika orodha zilizovuja kutoka tovuti nyingine ambako mwenyewe aliitumia ileile. Ndiyo sababu ya uthibitishaji wa hatua nyingi, unaofupishwa MFA kwenye skrini: baada ya nywila, unatakiwa kuthibitisha kwamba una kitu fulani mkononi. Mwaka 2024 AWS ilianza kuwalazimisha watumiaji wakuu kuwa nao. Akaunti ambayo haijauweka hupewa siku 35 tangu mtumiaji mkuu anapoingia mara ya kwanza chini ya sharti hilo. Siku hizo ni nyingi mno kwa akaunti iliyounganishwa na kadi ya benki. Kazi yenyewe huisha ndani ya saa moja, mradi ifuate mpangilio unaofaa.

Anza na barua pepe na laini

Tuchukue mfano wa vijana wawili wa Mwanza wanaotaka kuweka mtandaoni programu ya kukatia tiketi za boti. Mmoja ameshika simu, anataka kukimbilia kuweka MFA. Asubiri kidogo, kwanza ajiulize: simu hii ikipotea, nitarudi vipi kwenye akaunti?

AWS ina utaratibu wa kumwokoa mteja aliyepoteza kifaa chake. Kwenye ukurasa wa kuingia, mteja huchagua kuthibitisha kwa njia mbadala. AWS humtumia ujumbe kwenye barua pepe ya akaunti, kisha hupiga simu kwenye namba iliyosajiliwa. Akithibitisha vyote viwili, anaruhusiwa kuingia bila kile kifaa. Nywila nayo ikisahaulika, kiungo cha kuibadilisha hutumwa kwenye barua pepe hiyohiyo.

Sasa utazame utaratibu huo kwa jicho la mwizi. Akiiteka barua pepe peke yake, anaweza kubadilisha nywila, lakini atakwama kwenye MFA. Akiiteka barua pepe pamoja na namba ya simu, amepata njia ya kuizunguka MFA yenyewe. Maana yake ni kwamba ulinzi wa mtumiaji mkuu hauwezi kuzidi ulinzi wa barua pepe na laini vikiwa pamoja.

Vijana wetu wafanye nini? Barua pepe ya akaunti isiwe ile ya mmoja wao anayoitumia kila siku kwa magazeti, matangazo na mitandao ya kijamii. Wafungue sanduku jipya kwa kazi hii tu, nalo waliwekee nywila yake na MFA yake. Wakitaka anwani yenye jina la kampuni yao, wawe waangalifu kwa mambo mawili. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na likiachwa kulipiwa linaweza kununuliwa na mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea barua zote zinazotumwa huko, kikiwemo kiungo cha kubadilisha nywila. Pili, jina hilo lisisimamiwe ndani ya akaunti ileile ya wingu wanayoilinda. Akaunti ikifungwa, barua pepe inaweza kukatika nayo, na barua ya kuwaokoa haitawafikia.

Laini ya simu ina mitego yake. Wasomaji wengi wanaujua wizi wa kuhamisha laini: tapeli anajifanya mwenye namba, anapata kadi mpya ya simu yenye namba ya mtu, na ya mwenyewe inakatika mtandao ghafla. Huku kwetu wizi huo hulenga pesa za simu, lakini simu ya uthibitisho kutoka AWS nayo itamfikia tapeli yuleyule. Kuna pia laini iliyotelekezwa: isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kupewa mteja mwingine. Kwa hiyo namba ya akaunti iwe ya laini iliyo hai, iliyosajiliwa kwa jina la mtu ambaye hataondoka kesho, na ambayo haijabandikwa kwenye kila bango la biashara. Siku mwenye laini akihama kampuni, namba ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kuchagua hatua ya pili

Baada ya hapo ndipo MFA inapoingia. Vijana wetu wanaingia kama mtumiaji mkuu, wanabofya jina la akaunti juu kulia, wanachagua `Security credentials`, kisha `Assign MFA device`. Mbele yao kuna aina tatu: `Passkey or security key`, `Authenticator app` na `Hardware TOTP token`. Ujumbe mfupi wa simu haumo katika orodha hiyo.

Watu wengi huchagua programu ya simu, kwa kuwa ni bure na inafahamika. Inavyofanya kazi ni hivi. AWS inaonyesha mraba wa QR, na ndani yake kuna siri ndefu. Kamera ya simu ikiusoma, siri hiyo inahifadhiwa kwenye simu, na AWS inabaki na nakala yake. Kila baada ya sekunde 30 simu huichanganya siri hiyo na saa ya wakati huo kwa hesabu maalumu, ikatoa tarakimu sita. AWS hupiga hesabu ileile upande wake na kulinganisha. Ndiyo maana simu hutoa tarakimu hata ikiwa haina salio wala mtandao. Wakati wa kusajili, AWS huomba tarakimu za mara mbili mfululizo: andika za kwanza, subiri zibadilike, andika za pili.

Ukiuelewa utaratibu huo unaelewa pia unavyoharibika. Tarakimu zikikataliwa wakati umeziandika sawasawa, kagua saa ya simu. Simu iliyoachana sana na saa halisi hutoa tarakimu za wakati mwingine, na dawa yake ni kuiacha ijirekebishe saa yenyewe kupitia mtandao. Jambo kubwa zaidi ni ule mraba. Aliyeupiga picha anayo siri yote, na anaweza kutengeneza tarakimu zilezile kwenye simu yake bila wewe kujua. Picha ya mraba ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp “ili na mwenzangu awe nayo”, hatua ya pili imekuwa mali ya kila aliyemo kundini, na ya kila atakayeokota simu ya mmoja wao. Likitokea hilo, futa kifaa hicho kwenye akaunti na usajili upya, ili siri ya zamani ife.

Programu ya simu ina udhaifu mwingine usiotibika kwa uangalifu wa simu. Tapeli anaweza kukutumia kiungo cha ukurasa unaofanana kabisa na wa AWS. Unaandika barua pepe, nywila, na tarakimu sita. Ukurasa wake unazipeleka AWS halisi palepale, kabla sekunde 30 hazijaisha, na yeye anaingia. Tarakimu zilikuwa sahihi, ila zilipitia mkononi mwa mwizi.

Aina ya kwanza katika orodha, `Passkey or security key`, inaziba tundu hilo. Hapa hakuna tarakimu za kuandika. Simu, kompyuta, au kifaa kidogo cha USB hutengeneza jozi ya funguo, mmoja ukabaki kwenye kifaa na mwingine ukaenda AWS. Ufunguo wa kwenye kifaa umefungamanishwa na anwani halisi ya tovuti. Ukifika kwenye ukurasa wa bandia wenye anwani inayokaribia kufanana, jicho lako linaweza kudanganyika, lakini kivinjari kitaona anwani ni tofauti na hakitautoa ufunguo. Kwa mtumiaji mkuu, chagua hii ikiwa unaweza. Kifaa cha USB kinagharimu fedha, ila simu nyingi za kisasa zinaweza kushika ufunguo wa aina hii kwa alama ya kidole. Tahadhari yake ni moja: ufunguo ulio kwenye simu mara nyingi huhifadhiwa pia katika akaunti ya Google au Apple ya mwenye simu, hivyo akaunti hiyo nayo lazima ilindwe vizuri.

Kisha wasajili kifaa cha pili. AWS inaruhusu hadi vifaa vinane kwa mtumiaji mkuu, na chochote kati ya hivyo kinatosha kuingilia. Mmoja wa vijana wetu asajili ufunguo kwenye simu yake, na ufunguo wa USB uwekwe kwenye kasha ofisini, au nyumbani kwa mwenzake. Vifaa viwili ndani ya begi moja huibwa pamoja. Kabla ya kuondoka, watoke kwenye akaunti na kuingia tena mara mbili, kila mara kwa kifaa tofauti. Kifaa ambacho hakijajaribiwa wasikihesabu.

Funguo ambazo MFA haizilindi

Ukurasa uleule wa `Security credentials` una sehemu iitwayo `Access keys`. Hizi ni funguo zinazotumiwa na programu: maneno mawili marefu ambayo programu huyatuma badala ya barua pepe na nywila. Mtumiaji mkuu anaweza kujitengenezea, na hapo ndipo wengi waliokwisha kuweka MFA huacha dirisha wazi. Programu inayotumia funguo hizo haipiti kwenye ukurasa wa kuingia, hivyo haiulizwi hatua ya pili. Fundi akiziandika ndani ya programu, kisha akaiweka programu hiyo hadharani kwenye GitHub, kuna roboti zinazopekua huko mchana na usiku zikitafuta maneno ya namna hiyo. Kinachofuata mara nyingi ni seva kubwa kuwashwa kwa ajili ya kuchimba sarafu za kidijitali, na ankara kumfikia mwenye kadi.

Akaunti mpya haina funguo hizi hadi mtu azitengeneze. Shauri lake ni fupi: usizitengeneze. Ukizikuta, tafuta kwanza ni programu gani inayozitumia, ipe mtumiaji wake mwenye ruhusa ndogo, kisha zifute.

Mpumzishe mtumiaji mkuu

Hatua ya mwisho ya saa ya kwanza ni kumtengeneza msimamizi wa kazi za kila siku. AWS inapendekeza huduma yake iitwayo IAM Identity Center, ambamo kila mtu anakuwa na jina lake na hupewa kibali cha muda kila anapoingia. Vijana wetu wajitengenezee watumiaji wawili, kila mmoja na MFA yake, wenye ruhusa iitwayo `AdministratorAccess`. Ruhusa hiyo inatosha kwa karibu kila kazi ya kujenga mfumo wa tiketi. Wasichangie mtumiaji mmoja, maana likitokea tatizo kumbukumbu za akaunti hazitaonyesha ni nani aliyefanya nini.

Baada ya hapo mtumiaji mkuu hana kazi ila chache: kubadilisha barua pepe ya akaunti, kuifunga akaunti, kumrudishia ruhusa msimamizi aliyejifungia nje kwa makosa, au kuifungua hazina ya mafaili ambayo mtu ameiandikia kanuni ya kumkataza kila mtu. Mwaka unaweza kupita bila lolote kati ya hayo kutokea. Nywila yake iandikwe mahali salama, na isihifadhiwe kwenye kivinjari cha kila siku.

Ukitaka kujua kama kazi imekamilika, usitegemee kumbukumbu. Ingia kama msimamizi, fungua CloudShell ndani ya paneli, kisha andika:

```
aws iam get-account-summary \
  --query "SummaryMap.[AccountMFAEnabled,AccountAccessKeysPresent]"
```

Jibu linalotakiwa ni 1 kisha 0. Ile 1 inasema mtumiaji mkuu ana MFA, na 0 inasema hana funguo za programu. Ukipata jibu jingine, rudi kwenye `Security credentials`. Vilevile, ripoti ya watumiaji iitwayo `credential report` ina mstari wa `<root_account>` wenye tarehe ambayo nywila yake ilitumika mara ya mwisho. Ikiwa tarehe hiyo ni ya wiki iliyopita na hakuna kati yenu aliyeingia, badilisha nywila mara moja, ondoa kifaa cha MFA msichokitambua, na kagua watumiaji wote. Kumbuka kwamba mshambuliaji wa Code Spaces alikuwa ameshajiwekea njia nyingine kabla nywila hazijabadilishwa. Kagua pia seva katika kanda zote za AWS, hata zile usizozitumia, kwa kuwa mwizi hupenda kuwasha mitambo pale ambapo mwenyewe hatazami. Weka na kikomo cha bajeti kinachokutumia barua pepe gharama zikipanda. Hakizuii wizi, ila kinafupisha muda wa kuibiwa.

Mahali MFA inapokomea

MFA hulinda wakati wa kuingia. Ukishaingia, kivinjari kinabaki na kibali cha muda, na programu hasidi iliyomo kwenye kompyuta inaweza kukiiba kibali hicho bila kuuliza tarakimu wala ufunguo. Kwa hiyo usimwingize mtumiaji mkuu kwenye kompyuta ya kukodi au ya rafiki, na ukimaliza shughuli toka kabisa.

MFA pia haimzuii msimamizi halali kufuta kitu kwa makosa, wala mwizi aliyempata msimamizi huyo. Hapo kinachookoa ni nakala rudufu zilizo nje ya mamlaka ya akaunti hiyo: kwenye akaunti nyingine yenye mtumiaji mkuu mwingine, barua pepe nyingine na vifaa vingine. Code Spaces walikuwa na nakala, ila zilifikika kwa paneli moja.

Basi wewe uliyefungua akaunti jana, au unayepanga kufungua kesho, usiwashe seva ya kwanza kabla hujamaliza mambo haya: barua pepe ya kazi hii peke yake, laini iliyo hai, vifaa viwili vilivyojaribiwa, funguo za programu sifuri, na msimamizi wa kila siku. Kama akaunti yako ina miezi kadhaa na hujawahi kuyakagua, andika ile amri leo, uone kama inakujibu 1 na 0.